Wageni wa kulala katika nyumba ya vyumba: kukataza, kujulishwa, au kuhesabu masiku?

Anayepangisha nyumba nzima hana haja ya kujua nani kalala humo jana. Akishakabidhi funguo, mgeni ni shauri la mpangaji. Anayepangisha vyumba hana nafasi hiyo. Katika nyumba ya vyumba vitano ya Kwamtipura au Mpendae, hapa Unguja mjini, yenye choo kimoja, bafu moja, jiko la pamoja na tangi moja juu ya paa, mgeni wa chumba kimoja ni mgeni wa nyumba nzima. Anapita ukumbi ule ule, anaoga maji yale yale, na taa anayoiwasha usiku imechangiwa na watu wote. Kwa hivyo mwenye nyumba wa vyumba hana budi kuweka mpaka. Tabu iko katika kuusema. Kwetu visiwani ukimgusa mgeni umemgusa mwenyeji wake, na mpangaji akiambiwa neno juu ya wageni, la kwanza analojiuliza ni hili: mimi huyu ananionaje?

Wenye nyumba ninaowajua, nami nikiwamo, hufuata mojawapo ya njia tatu. Naziweka pamoja hapa ili anayetaka kuandika masharti yake aone kila moja inaishia wapi. Nasema mapema kwamba naegemea ya tatu, ila si kwa kila nyumba.

| Njia | Inavyosemwa | Mpangaji anavyoisikia | Inapokwama |
|---|---|---|---|
| Kukataza | "Wageni wa kulala hapana." | "Hata mama yangu?" | Kwa mzazi wa kwanza anayeteremka botini kutoka Pemba |
| Kujulishwa | "Ukiwa na mgeni nambie tu." | "Huyu hana neno." | Kwa mgeni anayekaa wiki mbili |
| Kuhesabu masiku | "Masiku matatu hayana la kuuliza. Yakizidi, tuzungumze." | Inategemea sababu uliyoitanguliza | Namba ikisimama peke yake bila sababu |

Kukataza kabisa

Sifa yake ni wepesi. Ni sentensi moja, haibagui mtu, na haina hesabu. Mwenye nyumba anayeishi mbali, aliyeko Dar es Salaam au Maskati, huipenda kwa sababu anadhani haihitaji msimamizi.

Lakini fikiria jinsi watu wanavyoishi hapa. Mpangaji ni kijana wa Wete anayefanya kazi mjini. Mama yake ana miadi Hospitali ya Mnazi Mmoja saa mbili asubuhi. Hawezi kuondoka Pemba alfajiri akawahi, basi lazima aje siku ya kabla. Alale wapi? Kijana hatamwambia mama yake akatafute nyumba ya wageni. Atamwingiza baada ya Isha wakati ukumbi uko kimya, na alfajiri atamtoa kabla wenzake hawajaamka. Sharti halikuzuia mgeni. Limemfanya mtu amfiche mama yake mzazi, na kuanzia usiku ule kijana hawezi tena kumtazama mwenye nyumba usoni bila kitu moyoni. Mwenye nyumba naye amepoteza zaidi ya alivyolinda, maana sasa nyumbani kwake hulala watu asiowajua, na wale wanaojua wamefunzwa kunyamaza.

Kuna nyumba ambazo katazo linafaa. Ninazifikiria mbili: ile ambayo mwenye nyumba anaishi humo humo na watoto wake wa kike, akipangisha chumba kimoja au viwili vya mbele, na nyumba za wanafunzi wa kike upande wa Tunguu, ambako chumba kimoja kina vitanda viwili vya wasichana wasiojuana, na wazee wao walio mbali wameridhia kwa sababu ya sharti hilo hilo. Hapo katazo halimdhalilishi mtu, kwa sababu linamlinda anayeambiwa. Bali lisemwe siku ya kuangalia chumba, kabla pesa haijatoka mkononi, ili asiyeliweza aende akatafute kwingine kwa amani. Kumwambia mtu aliyekwisha kulipa kodi ya miezi sita ni kumtega.

Kujulishwa tu

Njia hii ndiyo inayopendeza masikioni. "Ukiwa na mgeni nambie tu, nami nijue nani yuko nyumbani." Mpangaji anafurahi, mwenye nyumba anaonekana mtu wa watu. Kwa mgeni wa usiku mmoja au miwili inakwenda vizuri kabisa.

Tatizo lake linaonekana siku ya tano na kuendelea. Mpangaji amefanya alivyoambiwa: alijulisha. Binamu yake amefika, yumo, na siku ya kumi na mbili bado yumo. Wenzake wameanza kunung'unika kuhusu maji. Mwenye nyumba sasa hana neno la kushika, kwa sababu hapakuwa na mpaka uliovukwa. Linalobaki ni lile swali baya kuliko yote: "Mgeni wako anaondoka lini?" Hakuna namna ya kulisema likawa zuri. Hata ukilifunga kwa salamu na dua, linasikika kama mtu anayefukuzwa, na mpangaji atalibeba hadi siku atakayohama.

Njia hii ina upungufu mwingine usioonekana haraka. Sharti lisilo na mpaka humlemea mwenye haya na kumwachia asiye nazo. Yule muungwana atakuandikia kila dada yake anapolala usiku mmoja. Mwenzake hataandika kitu, akijua huna la kumshika. Baada ya miezi michache, unayemuuliza maswali ni yule anayejieleza, na asiyejieleza anakaa raha. Anayejieleza atagundua hilo, na hapo ndipo ataona kwamba kuaminiwa kwake kumegeuka kuwa mzigo.

Kujulishwa tu kunazifaa nyumba ndogo, za watu wawili au watatu waliokaa pamoja miaka, au nyumba ya ukoo ambayo wapangaji ni jamaa. Kwa nyumba ya watu sita wanaokuja na kuondoka, ni njia ya upole mwanzoni na ya ugomvi mwishoni.

Kuhesabu masiku

Kwenye karatasi njia hii ndiyo inayoonekana kavu. Namba ni namba. Hata hivyo naiona ndiyo yenye heshima zaidi, kwa sababu moja: mpangaji aliye ndani ya namba hana wa kumweleza kitu. Hahitaji kusema mgeni ni nani, kaja kufanya nini, wala uhusiano wao ukoje. Ulichokipima ni masiku, hukumpima mtu.

Namba yenyewe usiitoe hewani. Masiku matatu ndiyo yanayokubalika kirahisi hapa, na si kwa bahati. Kila aliyepita chuoni anaijua hadithi ya Mtume kwamba ugeni ni siku tatu na kinachozidi ni sadaka. Ukisema "matatu", hukuanzisha jambo geni, umewakumbusha watu wanalolijua. Uangalifu mmoja tu: iko pia ile methali ya mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na wenye nyumba wengine hupenda kuitia kwenye ujumbe ili kulainisha. Isiandikwe. Hadithi inampa mgeni haki yake ya siku tatu. Methali inamwambia achukue jembe. Mpangaji anayesoma ujumbe wako akiwa na mama yake chumbani hatacheka.

Sasa sababu. Sababu nzuri ni ile ambayo mpangaji anaweza kuihakikisha mwenyewe kwa macho, na katika nyumba nyingi za mjini sababu hiyo ni tangi. Tuchukue mfano. Nyumba ina vyumba vitano na watu sita. Tangi ni la lita 1,000. Maji ya bomba yanakuja kila baada ya siku tatu. Mtu mmoja, kwa kuoga, choo, kutia udhu, kupika na kufua kidogo, tumkadirie lita 50 kwa siku. Watu sita ni lita 300 kwa siku, na kwa siku tatu ni lita 900. Zinabaki lita 100 tu kabla maji hayajarudi.

Mgeni mmoja akilala masiku matatu anatumia lita 150. Zinapungua lita 50, sawa na ndoo mbili na nusu za lita 20. Hilo linavumilika: kila chumba kina ndoo ya akiba, na jambo linapita. Wageni wawili kwa wakati mmoja wanatumia lita 300, na upungufu unakuwa lita 200. Hapo mtu wa sita kuamka siku ya tatu anafungua bomba, linatoa hewa. Na mgeni mmoja akikaa wiki mbili, ule upungufu wa ndoo mbili na nusu unarudi kila mzunguko, takriban mara nne au tano, juu ya watu wale wale ambao hawakumwalika.

Mpangaji akiambiwa hesabu hii, haiwezi kumuingia kichwani kwamba anashukiwa. Na inakupa masharti mawili kwa pamoja bila kuyabuni: masiku matatu mfululizo kwa mgeni, na vyumba viwili visiwe na wageni wa kulala kwa wakati mmoja bila kuambizana. Fanya hesabu ya nyumba yako mwenyewe. Tangi likiwa la lita 2,000, au maji yakija kila siku, sababu ya maji haipo, na usiitumie. Wapangaji wanajua tangi lina ukubwa gani kuliko wewe.

Kuna mwanya unaojulikana: mgeni analala matatu, anatoka mmoja, anarudi tena matatu. Wanaotaka kuuziba huongeza kikomo cha mwezi. Ninayoiona inafaa ni masiku manane kwa mwezi kwa kila chumba, kwa kuwa inatosha mtu kuja Ijumaa na Jumamosi kila wiki. Chini ya hapo utakuwa unawabana watu wenye maisha ya kawaida kabisa.

Na hapa kuna jambo la kutenganisha mapema. Mume anayefanya kazi hotelini Nungwi au Paje, anayerudi mjini siku zake za mapumziko, si mgeni. Wala si mgeni mke aliyeko Pemba anayekuja kwa mumewe. Usimhesabu. Mwandike jina lake kwenye mkataba tangu mwanzo, kwamba chumba hiki ni cha fulani na mwenzake. Kumwekea mke wa mtu kikomo cha masiku kwa mumewe ni tusi, hata kama hukukusudia, na ni tusi linaloepukika kwa mstari mmoja wa maandishi.

Namba isibebe jambo jingine

Sehemu ambayo masharti mengi yanaharibika ni hii. Mwenye nyumba hataki mpangaji mwanamume alaze mwanamke asiye mahramu wake, au kinyume chake. Anaona haya kulitamka. Basi anaandika "mgeni asilale zaidi ya usiku mmoja", akitumai wataelewa. Wapangaji wanaelewa, na wanaelewa vibaya: yule ambaye kaka yake anakuja kutoka Chake Chake kwa mtihani wa siku nne anaona amehukumiwa kwa kosa ambalo hata halikutajwa.

Kama sharti lako ni hilo, liseme peke yake. Katika nyumba yenye ukumbi wa pamoja, sababu yake inaeleweka bila kuhubiri: msichana wa chumba cha nyuma anatoka bafuni na khanga yake, hataki kukutana na mwanamume asiyemjua kwenye ukumbi saa kumi na moja alfajiri. Inatosha kuandika hivi: "Ukumbi na bafu ni vya wote, na wenzetu wa kike wanahitaji stara. Wageni wa kulala wawe wa jinsia ya mwenye chumba, au mahramu zake, na kaka au baba akija, wenzako wajue kabla hajafika." Mpangaji anaweza kulikubali au kulikataa, lakini hajadanganywa. Namba ya masiku nayo inabaki safi, ikipima maji na nafasi tu.

Vivyo hivyo kuhusu sheha. Sheha ndiye anayeweka kumbukumbu za wakaazi wa shehia yake, na mtu akikaa muda mrefu nyumbani kwako bila kujulikana, wewe ndiye utakayeulizwa. Hiyo ni sababu ya kweli na haihitaji kufichwa. Ila itaje kwa upande wako: "nikiulizwa na sheha niwe na la kujibu." Ukiitaja kwa upande wake, "sheha anataka kujua wageni wenu", umemleta mzee wa watu chumbani kwa mpangaji kama tishio.

Mfano mmoja hadi mwisho

Tuseme umechagua kuhesabu. Namba ni tatu, nyumba ni ile ya tangi la lita 1,000. Mpangaji wako, binti anayefanya kazi dukani Darajani, anakuandikia:

"Assalaam alaykum mama. Mama yangu anakuja kesho kutoka Mkoani, ana matibabu Mnazi Mmoja. Daktari kasema siku kumi. Najua ni masiku matatu, lakini sina pa kumpeleka."

Linganisha majibu mawili. La kwanza: "Waalaykum salaam. Masharti unayajua. Huyo ni mama yako wa kuzaa? Na nina uhakika gani kama ni siku kumi tu?" Mwenye nyumba huyu hakukataa. Pengine mwisho wake atakubali. Lakini amemfanya binti athibitishe mama yake ni mama yake, na kibali kitakachotoka baada ya hapo hakitakuwa na utamu wowote.

La pili: "Waalaykum salaam mwanangu. Mama aje, Mungu ampe shifaa. Matatu ya mwanzo hayana neno. Kwa yale saba yaliyobaki, waambie wenzako leo jioni, usingoje waone wenyewe. Maji yatapungua, kwa hivyo nitaleta pipa la lita 200, mlijaze siku ya bomba. Siku kumi zikizidi, niandikie tena."

Jibu hili limeshika sharti lake lote. Limekiri kwamba matatu yanazidi, limesema kwa nini ni tatizo, na limelitatua tatizo lenyewe: upungufu ulikuwa lita 50 kila mzunguko, na pipa la lita 200 linauziba na kubakisha. Limeacha pia mlango wa kuandikiana tena, bila kuuliza "unaondoka lini". Na halikuuliza mama anaumwa nini. Hilo usiliulize katika ujumbe wa masharti. Ukitaka kumjulia hali, nenda ukamzuru.

Umeme huwa na njia yake. Nyumba nyingi zina mita moja ya Tukuza na wapangaji huchangishana kununua uniti. Mgeni wa masiku matatu hahesabiwi. Akizidi hapo, ahesabiwe kama kichwa kimoja katika mchango wa umeme, na hata wa maji kama mnalipa. Lakini pesa hiyo iende kwa wapangaji wenzake, ipunguze mchango wao. Isije kwako. Mwenye nyumba anayepokea shilingi elfu tano kwa sababu mpangaji amelaza mgeni ameanzisha biashara ya nyumba ya wageni ndani ya nyumba ya kupanga, na hakuna maneno yatakayomwondolea sura hiyo.

Tena kuna nyakati ambazo hesabu inalala. Siku nne za Idi, msiba, na mzazi aliyejifungua. Yaandike haya matatu kwenye masharti, wala usiyaachie kudra ya siku yenyewe. Mpangaji aliyefiwa asilazimike kukuomba ruhusa ya shangazi zake kulala hadi hitma.

Mdomo, mkataba, WhatsApp, au karatasi mlangoni

Karatasi iliyobandikwa ukutani ndiyo mbaya kuliko zote, na siisifii hata kidogo. Inasomwa na wageni wenyewe wanapoingia. Mama wa watu anavua viatu ukumbini, anainua macho, anasoma kwamba asilale zaidi ya siku tatu.

Kundi la WhatsApp la nyumba lina faida ya kuwafikia wote kwa pamoja, lakini lina wakati wake. Ukiandika masharti ya wageni siku mbili baada ya chumba namba tatu kulaza mgeni, watu wote watajua unamsema nani, hata ukianza na "wapangaji wangu wapendwa". Ujumbe wa jumla juu ya kosa la mtu mmoja unaumiza kuliko kumwita faragha. Kama kuna la kumwambia chumba namba tatu, mwambie yeye. Sharti la jumla liache hadi mwezi ambao hakuna mgeni.

Bora kuliko zote ni maneno ya mdomo siku ya kukabidhi funguo, yakifuatwa na kifungu kifupi ndani ya mkataba. Siku hiyo hakuna aliyekosea, hakuna mgeni, na mpangaji mwenyewe anataka kujua mambo ya nyumba. Mpeleke kwenye tangi. Muoneshe linavyopimwa, muambie siku za maji, kisha useme habari ya wageni hapo hapo, likiwa ni jambo moja katika mambo ya maji, choo na takataka. Sharti likitajwa chini ya tangi linaingia kwa wepesi kuliko likitajwa peke yake sebuleni, mmekaa mnatazamana.

Kuna maneno ya kuyaepuka popote utakapolisema. "Nimesikia kwamba" linamwambia mtu kuna anayempeleleza. "Wapangaji wa siku hizi" linamweka kwenye kundi la wabaya kabla hajafanya lolote. "Sitaki kuona" linakugeuza mlinzi wa mlango. Na "ruhusa" litumie kwa uchache sana. Ndani ya masiku matatu hakuna ruhusa, na yakizidi, "tuzungumze" inatosha, kwa sababu mtu mzima aliyelipa kodi yake ana haki ya chumba chake, na mnachojadili ni vitu vya pamoja tu.

Mgeni akishakuwa mpangaji

Linatokea, na hesabu peke yake haitakuambia. Dalili ni za kuonekana: mgeni ana ufunguo wake, nguo zake zinaanikwa kila wiki kwenye kamba ya uani, yupo nyumbani mchana wakati mwenye chumba yuko kazini, na watu wanakuja kumuulizia yeye. Dalili moja si kitu. Zikikutana tatu, huyo amehamia.

Hapa usirudi kwenye masharti ya wageni. Ukimwambia mpangaji "umevuka masiku yako", mtaanza kubishana juu ya siku ipi alilala na ipi hakulala, na utajikuta unahesabu viatu vya watu mlangoni. Mwite, mzungumze habari nyingine kabisa: "Naona ndugu yako amekaa nasi sasa. Kama anabaki, tumwandike kwenye mkataba, tumpeleke kwa sheha, na tupange upya mchango wa maji. Kama habaki, basi tupatane tarehe." Wengine watafurahi, maana walikuwa wanatafuta namna ya kulileta. Chumba kikiwa kidogo mno kwa watu wawili, sema hilo, kwa kuwa ni kweli na linaonekana.

Kwa anayetaka kifungu cha kuweka kwenye mkataba, hiki ndicho ninachokitumia, baada ya kukipunguza mara nyingi:

"Mgeni wa mpangaji anakaribishwa kulala hadi masiku matatu mfululizo, na jumla isizidi masiku manane kwa mwezi kwa chumba. Wenzako wa nyumba wajulishwe, kwa sababu ya maji na choo cha pamoja. Yakizidi hayo, tuzungumze mapema. Siku za Idi, msiba na uzazi hazihesabiwi. Mume au mke aliyeandikwa kwenye mkataba huu si mgeni."

Sharti la stara, kama unalo, liwe kifungu chake peke yake chini ya hiki. Na wapangaji wa zamani, waliosaini mkataba usio na kifungu hiki, usiwapelekee karatasi mpya ya kusaini katikati ya kodi waliyokwisha kulipa. Ngoja muda wao wa kuongeza mkataba ufike. Kama mambo ya maji hayangojeki, anza na pipa la akiba, halafu wakusanye waeleze hesabu ya tangi, na uwaachie wao wapendekeze namba. Wapangaji wanaochangia choo kimoja huwa wakali kuliko mwenye nyumba, na huenda ukajikuta wewe ndiye unayewaombea wageni masiku zaidi.